Stoku moja, majibu matatu: mara 9, mara 6 au mara 4?

*"Ninauza vipuri vya pampu na mashine ndogo. Mtu mmoja kanipigia hesabu akasema stoku yangu inazunguka mara 9 kwa mwaka, mhasibu anasema mara 6, na programu ya stoo inaonyesha 4. Nani yuko sahihi? Na kama mzunguko ni mzuri hivyo, mbona fedha ya kulipia mzigo mpya haitoshi kila mara, na wateja bado wanakosa vitu? Tarakimu za mwaka mzima nimeziambatanisha."*

Shika hiyo 4. Wote watatu wamegawanya bila kukosea, ila kila mmoja amegawanya kitu tofauti. Nimezifupisha tarakimu zako kwa maelfu na jina la sarafu nimeliacha, kwa kuwa hapa fedha inagawanywa kwa fedha na kinachobaki ni "mara" tu.

Mwaka uliopita uliuza bidhaa za 720. Ulifungua mwaka ukiwa na stoku ya 100, ukanunua mzigo wa 440, ukafunga ukiwa na stoku ya 60. Kwa hiyo bidhaa zilizotoka mikononi mwako, kwa bei uliyozinunulia, ni 100 ukijumlisha 440 ukatoa 60, yaani 480. Hiyo ndiyo gharama ya bidhaa zilizouzwa. Tofauti ya 720 na 480 ni 240, na ndiyo faida yako ghafi.

Aliyepata 9 alichukua mauzo, 720, akayagawa kwa wastani wa stoku ya kufungulia na ya kufungia, ambao ni 80. Tatizo ni kwamba mauzo yamebeba faida ndani yake, ilhali stoku imeandikwa kwenye vitabu kwa bei ya kununulia. Tuseme una beringi moja tu rafuni, umeinunua kwa 10. Ukaiuza kwa 15 ukarudishia nyingine mara moja, na hiyo ya pili ikakaa mpaka mwaka ukaisha. Iliyotoka ni beringi moja, kwa hiyo stoku imezunguka mara moja. Kwa njia yake utapata 15 kwa 10, mara moja na nusu, na hiyo nusu ya beringi hakuna aliyeiona ikitoka mlangoni. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi: ukipandisha bei kesho, uwiano wake utapanda hata kama hakuna hata kipande kimoja kilichouzwa zaidi.

Mhasibu wako ameliona hilo, ndiyo maana juu ameweka 480. Chini naye ameweka 80, akapata 6. Juu yuko sawa kabisa. Chini amepima siku mbili tu kati ya siku zote za mwaka, na kwa bahati mbaya zote ni siku za kufunga hesabu. Angalia programu ya stoo inavyoonyesha mwisho wa kila mwezi, kuanzia stoku ya kufungulia: 100, kisha 110, 120, 130, 140, 135, 130, 135, 140, 135, 125, 100, na mwisho 60. Jumla ya vipimo hivyo 13 ni 1,560, wastani wake 120. Miezi 9 kati ya 12 ilimalizika stoku ikiwa 120 au zaidi. Ile 80 ya mhasibu haionekani karibu na mwezi wowote isipokuwa ule wa mwisho, pale ulipokuwa unauza huku umezuia kununua.

Mtego huu naujua vizuri kwa sababu uliwahi kuninasa. Nilipokuwa kijana kazini niliandika ripoti ya kumsifu meneja wa stoo moja kwa mzunguko uliopanda vizuri miaka miwili mfululizo. Baadaye nikaenda stoo wiki ya pili ya mwaka mpya, nikakuta mzigo umerundikwa mpaka kwenye veranda. Kumbe kila mwaka ukikaribia kufungwa aliwaomba wagavi wasilete kitu mpaka hesabu ya mali imalizike. Hakuiba chochote, na vitabu vilikuwa sahihi. Ni mimi niliyekubali kupima mwaka mzima kwa siku ambayo yeye ndiye aliyeichagua.

Basi hesabu yako ni hii:

```
mzunguko = gharama ya bidhaa zilizouzwa / wastani wa stoku
         = 480 / 120
         = mara 4 kwa mwaka

siku za stoku = 365 / mzunguko
              = 365 / 4
              = siku 91
```

Ukikosa vipimo 13, chukua vya kila robo mwaka, vitano vitakusaidia kuliko viwili. Na ukipima robo mwaka moja peke yake, siku nazo ziwe za robo mwaka. Robo moja yako ina gharama ya mauzo ya karibu 120 na stoku ya 120, yaani mzunguko wa mara moja. Nimeona watu wakichukua hiyo 1 wakaigawia 365, wakatangaza kwamba stoku inakaa mwaka mzima. Inakaa siku 91, kwa sababu robo ina siku 91.

Mwenye biashara huwa namshauri azungumze kwa siku, "mara" awaachie wahasibu. Siku 91 zina maana kwamba fedha uliyoingiza kwenye kipuri inakaa rafuni, kwa wastani, miezi mitatu kabla kipuri hakijatoka. Kisha ipe siku moja thamani yake. Gharama ya mauzo ya mwaka, 480,000, ukiigawa kwa 365 unapata 1,315. Kila siku moja ya stoku imekushikia 1,315. Zidisha kwa 91 unarudi kwenye ile 120,000.

Hapa ndipo lilipo jibu la fedha isiyotosha. Kwenye jedwali lako umeandika kuwa wagavi wanakupa siku 30 za kulipa. Mzigo unakaa siku 91. Siku 30 za kwanza umebebwa na mgavi, siku 61 zinazobaki unajibeba mwenyewe. Siku 61 mara 1,315 ni kama 80,000, fedha yako inayoishi rafuni mwaka mzima, na hapo sijagusa wateja unaowakopesha. Faida yako ghafi ya 240 si ya uongo. Ila kila mauzo yanapokua na siku zikabaki zilezile, ile 1,315 nayo inakua, na rafu inadai sehemu yake kabla yako. Ndiyo maana mwaka wa mauzo mazuri unaweza kuwa mwaka wa kukopa.

Sasa, ile 4 nimekwambia ushike, lakini usiiamini sana. Ni wastani, na wastani wa stoku una tabia ya kuchanganya biashara mbili tatu tofauti ndani ya namba moja. Bidhaa zako nimezigawa makundi matatu kwa kufuata kadi za stoo. Kundi la kwanza ni vitu vya kila siku: beringi, mikanda, filta, sili. La pili ni pampu nzima na mota. La tatu ni vipuri vya mashine za matoleo ya zamani, vile vilivyo kwenye rafu za nyuma.

| Kundi | Mauzo | Gharama ya mauzo | Wastani wa stoku | Mzunguko | Siku |
|---|---|---|---|---|---|
| Vitu vya kila siku | 390 | 300 | 25 | 12 | 30 |
| Pampu na mota | 290 | 156 | 39 | 4 | 91 |
| Matoleo ya zamani | 40 | 24 | 56 | 0.43 | 852 |
| Jumla | 720 | 480 | 120 | 4 | 91 |

Soma mstari wa matoleo ya zamani polepole. Siku 852 ni miaka miwili na miezi minne. Vitu hivyo vinaleta asilimia 5 tu ya gharama ya mauzo, lakini vimekalia karibu nusu ya stoku yako yote, 56 kati ya 120. Kwa lugha ya sokoni, vimedoda. Na ukitaka kujua vinachangia kiasi gani kwenye zile siku 91, gawanya stoku ya kundi kwa gharama ya mauzo ya biashara nzima, kisha zidisha kwa 365: 56 kwa 480 mara 365 ni siku 43. Pampu na mota zinachangia siku 30, vitu vya kila siku siku 19, na jumla inarudi 91 na kidogo, zikiwa zimekadiriwa. Usijaribu kuchukua 30, 91 na 852 ukatafuta wastani wa kawaida. Utapata 324, na namba hiyo haimhusu mtu yeyote.

Kwa hiyo unapoona 4, biashara inayozunguka mara 4 unayo kweli, ni ile ya pampu. Nyingine mbili zimekutana katikati kwa bahati tu.

Kabla hujaanza kuupigia makofi mstari wa kwanza na kuulaumu wa pili, weka faida ndani. Mzunguko peke yake haujui umeuza kwa faida gani. Chukua faida ghafi ya kila kundi uigawe kwa wastani wa stoku yake. Vitu vya kila siku: 390 kutoa 300 ni 90, gawa kwa 25, unapata 3.6. Pampu na mota: 290 kutoa 156 ni 134, gawa kwa 39, unapata 3.4. Karibu sawa! Kila 1 uliyoiweka kwenye pampu inarudisha faida karibu ileile inayorudishwa na 1 uliyoiweka kwenye mikanda, ingawa pampu inazunguka mara 4 na mkanda mara 12. Pampu inatembea taratibu lakini kila safari inabeba faida nene zaidi. Mtu akikwambia "punguza pampu, zinakaa miezi mitatu", muulize kwanza kama amepiga hesabu hii. Matoleo ya zamani yanapata 16 kwa 56, yaani 0.29. Faida yake kwa kipande ni nzuri, asilimia 40 ya bei ya kuuzia, na hapo ndipo wauzaji wengi wanapodanganyika: wanakumbuka kile kipande kimoja kilichouzwa kwa faida nono, wanasahau vingine ishirini kilivyoviacha rafuni.

Hayo ya matoleo ya zamani yana ubishi wake, nami sitaki kukusukuma utupe kila kitu. Kipuri cha pampu ambayo mteja wako bado anaitegemea kinaweza kukaa miaka miwili kwa haki kabisa, kwa sababu siku kikihitajika kinahitajika leo. Swali ni kama hiyo mashine bado inafanya kazi mahali fulani na kama kuna mtu anayejua kwamba kipuri chake unacho wewe. Pitia kadi moja moja, uangalie tarehe ya mwisho kipande kutoka. Kwenye jedwali lako, vipuri ambavyo havijatoka hata kimoja kwa zaidi ya mwaka vina thamani ya 40 kati ya ile 56. Hivyo ndivyo vya kuuza kwa lolote utakalopata. Tuseme umepata asilimia 60 ya bei uliyonunulia. Umepokea fedha taslimu 24, umekubali hasara ya 16, na stoku yako imeshuka hadi 80. Mauzo mengine yakibaki kama yalivyo, mwaka unaofuata mzunguko ni mara 6, siku 61. Utakuwa umefika kwenye ile namba ya mhasibu, safari hii kwa kweli.

Ile hasara ya 16 inauma, lakini haikuzaliwa siku ya kuuza. Ilikuwepo tangu kipuri kilipoacha kuwa na mnunuzi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka stoku iandikwe kwa gharama yake au kwa kiasi halisi ambacho unatarajia kukipata ukiiuza, baada ya kutoa gharama za kuiuza, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwa hiyo hata usipouza, kama soko lake ni asilimia 60, kitabu kinapaswa kukubali.

Na hapa pana kichaka ambacho hata wasomaji wazoefu wa hesabu hujikwaa. Tuseme hukuuza kitu, ulishusha tu thamani ya 16 kwenye vitabu mwanzoni mwa mwaka. Wastani wa stoku unashuka hadi takriban 105. Ile 16 kwa kawaida inaingizwa kwenye gharama ya mauzo, ambayo inapanda hadi 496. Gawanya: mara 4.7, siku 77. Siku 14 zimepotea na hakuna kipuri hata kimoja kilichoondoka rafuni. Kwa hiyo ukiona mzunguko umeruka mwaka mmoja ghafla, kabla hujafurahi uliza kama thamani ilishushwa, na kama ilishushwa, iondoe juu na uirudishe chini kisha upige upya.

Linabaki la wateja kukosa vitu. Wewe umeliuliza kama jambo la pembeni, mimi naliona ndilo kubwa, kwa sababu mzunguko mkubwa una dalili ileile ya njaa. Vitu vya kila siku vinazunguka mara 12, na mtu angesema hongera. Nimetoa kadi ya beringi moja, ile uliyoipigia mstari mwekundu. Mwaka mzima uliuza 1,752, wastani wa stoku yake ni vipande 60. Kwa kipuri kimoja unaweza kutumia vipande badala ya fedha, hesabu ni ileile: 1,752 kwa 60 ni mara 29, siku 12 na nusu. Kwa karatasi hakuna kipuri bora kuliko hicho stooni kwako.

Lakini ukishuka na kidole kwenye safu ya salio utakutana na sifuri, halafu sifuri, halafu sifuri. Nimezihesabu: siku 73 za mwaka rafu ilikuwa tupu. Sifuri hizo zimeingia kwenye wastani na kuuvuta chini, na wastani mdogo ndio uliofanya mzunguko uonekane mkubwa. Umesifiwa kwa kukosa mzigo.

Madhara hayaishii kwenye sifa. Wewe unaagiza kwa kufuata mauzo ya mwaka: 1,752 kwa siku 365 ni vipande 4.8 kwa siku. Mgavi wa beringi hii anachukua siku 21 kuleta, kwa hiyo umejiwekea kuagiza salio likifika 100. Ila siku ambazo beringi ilikuwepo zilikuwa 292 tu, na 1,752 kwa 292 ni vipande 6 kwa siku. Hiyo ndiyo kasi yake halisi. Kwa kasi ya 6, vipande 100 vinamalizika kabla ya siku 17. Mgavi akija siku ya 21, kwa wakati wake na bila kosa lolote, rafu imekaa tupu siku 4. Akichelewa, zaidi. Siku hizo tupu zinaandikwa kama siku zisizo na mauzo, zinapunguza kasi ya mwaka unaofuata, nawe unaagiza kidogo zaidi.

Kwa hiyo kipuri kimoja kimoja usikipime kwa historia ya mwaka mzima. Chukua salio la leo, ligawe kwa kasi ya siku ambazo kilikuwepo. Ukiwa na beringi 84 leo, una siku 14. Mgavi anahitaji 21. Kama mzigo hauko njiani tayari, wiki moja ya upungufu umeshaipata, bado tu haijafika. Ndiyo maana mtu akiniuliza "siku nzuri za stoku ni ngapi?", nami namuuliza mgavi wake anachukua siku ngapi. Siku 14 ni nyingi mno kwa kitu kinacholetwa kesho yake, na ni hatari kwa kitu cha wiki tatu.

Rekebisho lake ni hili. Siku 21 za kusubiri mara 6 ni vipande 126. Kwenye kadi, mgavi huyu aliwahi kuchelewa hadi wiki moja, kwa hiyo ongeza akiba ya tahadhari ya siku 7, vipande 42. Agiza salio likifika 168. Ukiagiza mzigo wa mwezi mmoja kila mara, vipande 180, stoku itakuwa ikipanda na kushuka juu ya ile akiba ya 42, na wastani wake ni 42 kujumlisha nusu ya 180, yaani 132. Rafu isipokauka, mauzo ya mwaka yanaweza kufika 6 mara 365, vipande 2,190. Mzunguko mpya: 2,190 kwa 132, karibu mara 17, siku 22.

Umeona kilichotokea? Mzunguko wa beringi umeanguka kutoka 29 hadi 17, na umeuza vipande 438 zaidi. Sisemi vyote 438 ulivipoteza mwaka jana, maana wapo wateja waliosubiri wakarudi mzigo ulipofika, na hao wameipandisha kidogo ile 6. Lakini hata nusu yake ni fedha, na mteja aliyekwenda kutafuta beringi kwingine huenda alinunua na mkanda hukohuko. Meneja ambaye bonasi yake imefungwa kwenye mzunguko hawezi kukubali rekebisho hili. Mwenye duka anaweza.

Fedha ya kuongeza beringi na wenzake itoke wapi? Kwenye ile 24 ya rafu za nyuma. Ndiyo maana ningekushauri usianze na benki.

Kuanzia mwezi huu pima kila mwisho wa mwezi, ukichukua gharama ya mauzo ya miezi 12 iliyopita na vipimo 13 vya stoku, na upime kila kundi peke yake. Kama biashara yako ina misimu, miezi 12 mizima inakukinga usilinganishe msimu wa kiangazi na wa masika. Pembeni ya siku za stoku za kila kundi weka safu moja zaidi ambayo programu yako haikupi kwa sasa: idadi ya siku ambazo vipuri vya kundi hilo vilisoma sifuri. Siku za stoku zikishuka na sifuri zikashuka, umepata. Siku zikishuka na sifuri zikapanda, umekamua rafu tu. Siku zikipanda, tazama kwanza ni kundi gani: zikipanda kwenye beringi na sifuri zikaisha, acha zipande, zikipanda kwenye matoleo ya zamani, kuna mtu bado anayaagiza, na jina lake utalikuta kwenye hati za manunuzi.

Jambo moja la mwisho kuhusu jedwali lako. Mwezi wa sita programu inasoma stoku ya 130, lakini karatasi ya hesabu ya mali ya mwezi huo, uliyoipiga picha, inasoma 126. Tofauti ya 4 haibadilishi lolote nililoandika hapa, ila ilikuwa ya vitu vya kila siku, ambako stoku yote ni 25. Kabla hujaweka viwango vipya vya kuagiza, hesabu kundi hilo kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa kuwa ile 168 haitafanya kazi ikiwa kadi inasema 168 na rafuni ziko 140.